Kuulizana kuhusu pombe kabla ya posa

Wawili wanapoanza kujuana kwa nia ya ndoa, mengi huulizwa wiki za mwanzo: kwenu wapi, mko wangapi, unasali wapi, unafanya kazi gani. Pombe, sigara na kukesha huachwa. Watu huona aibu kuyataja, au huogopa kuonekana wapelelezi, basi hunyamaza mpaka siku mmoja amrudie mwenzake amelewa, pengine barua ya posa imekwisha kujibiwa. Swali linaloulizwa siku hiyo huulizwa kwa machozi, na jibu lake huwa utetezi. Ni bora liulizwe mapema, wakati bado hakuna aliyemkosea mwenzake. Kazi iko kwenye namna ya kuliuliza.

Wengi huanza na "Wewe unakunywa?" Anayeulizwa hivyo hajui "ndiyo" yake itabeba nini. Anayeonja mvinyo harusini atajibu ndiyo, na anayelala baa kila Ijumaa atajibu hiyohiyo. Akihisi kwamba jibu lake litamtambulisha ni mtu wa aina gani, atakimbilia maneno yasiyo na kipimo: "kidogo tu", "kawaida", "kama watu wengine". Muulizaji hajapata habari yoyote, na mwenzake ameshajifunza kujihadhari.

Wahudumu wa afya walikutana na tatizo hili zamani. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilitafuta maswali ambayo nesi au daktari angeweza kumuuliza mgonjwa yeyote bila kumfanya ajione mshtakiwa. Utafiti ulifanyika katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, ukazaa fomu ya maswali kumi iitwayo AUDIT. Maswali matatu ya mwanzo ndiyo yanayotufaa hapa. Unakunywa mara ngapi? Siku unayokunywa, unakunywa kiasi gani? Ni mara ngapi hufikia vipimo sita au zaidi kwa mkao mmoja? Hakuna hata moja linalouliza kama mtu ni mlevi. Yote yanauliza siku na kiasi, na siku na kiasi mtu anaweza kuvitaja bila kujisema vibaya.

Kipimo kimoja kwenye fomu hiyo ni gramu 10 za kilevi halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vipimo viwili. Kwa hiyo chupa tatu tu zinafikisha sita. Kichupa cha mililita 250 cha pombe kali ya asilimia 35 kina vipimo saba hivi. Ndiyo maana "mbili tatu tu" inaweza kuwa kingi kuliko msemaji mwenyewe anavyodhani, bila yeye kudanganya.

Sasa tuwachukue wawili, tuwaite Neema na Baraka. Neema amekulia Tanga, baba yake ni mchungaji, na nyumbani kwao pombe haijawahi kupita mlangoni. Baraka ni wa Marangu, ambako mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ina nafasi yake kwenye vikao vya ukoo na hata kwenye shughuli za mahari. Wanaishi Dar es Salaam na wameonana kwa miezi miwili. Akiwa na Neema, Baraka huagiza soda. Lakini Jumamosi usiku simu yake haipokelewi, na Jumapili huamka mchana.

Neema angeweza kuanza na simu ile isiyopokelewa. Hapo Baraka angetoa sababu ya simu, na mazungumzo yangekuwa ya simu. Angeweza pia kusema "nimesikia unakunywa sana", na Baraka angetaka kwanza kujua aliyesema. Akachagua mchana, wakiwa wawili tu, wametulia, siku ambayo hakuna aliyemuudhi mwenziwe. Hakuliandika kwenye simu, kwa sababu maandishi hayana sauti na swali la upole husomeka kama la polisi.

"Baraka, kuna jambo nataka tuzungumze mapema, la pombe. Naweza?"

"Zungumza tu."

"Kwetu haikuwepo kabisa, kwa hiyo hata sijui mtu anayekunywa anaishije. Kwenu ilikuwaje?"

Ameomba ruhusa, na amesema yeye anatoka wapi kabla ya kuuliza mwenzake anatoka wapi. Baraka akaeleza habari za babu yake na mbege, jinsi watoto walivyokuwa wakionjeshwa siku za sikukuu. Neema hakumkatiza kwa andiko wala kwa "mh!". Alipomaliza, akauliza jambo moja:

"Na wiki iliyopita, kwa mfano, ilikuwaje?"

Swali la wiki iliyopita ni bora kuliko "huwa unakunywa kiasi gani", kwa kuwa mtu akiulizwa desturi yake hutaja siku zake nzuri. Baraka akahesabu: Ijumaa bia mbili baada ya kazi, Jumamosi mpira, wakakaa mpaka saa nane usiku, tano hivi. Siku nyingine hakuna. Bia tano ni vipimo kumi kwa mkao mmoja. Neema hakumfanyia hesabu hiyo usoni. Alirudia alichosikia: "Kwa hiyo katikati ya wiki hugusi, ila Jumamosi ya mpira ndiyo huwa ndefu." Baraka akakubali, kisha akaongeza mwenyewe kwamba Jumapili hujuta.

Neno hilo la majuto lisingekuja kama angeshambuliwa, kwani anayeshambuliwa hutetea bia zake zote saba.

Kwa sigara njia ni ileile, ila swali lenye habari nyingi ni muda: baada ya kuamka, sigara ya kwanza inakuja lini? Anayewasha ndani ya nusu saa kwa kawaida mwili wake umeshaizoea nikotini kwa nguvu, na kumwambia aache kwa ajili ya mapenzi ni kumtwika mzigo ambao huenda akahitaji msaada wa kitabibu kuutua. Kuhusu kukesha, usiulize saa anayorudi pekee. Dereva wa zamu ya usiku, muuza chipsi na anayeshinda kwenye kamari wote hurudi saa tisa. Uliza usiku wake unakuwaje.

Mtu akinuna unapouliza, hilo peke yake halithibitishi anaficha kitu. Huenda alilelewa na mtu aliyemsema kila siku. La kuangalia ni kama baada ya siku chache anaweza kulirudia jambo kwa utulivu, na kama anayosema yanalingana na unayoyaona. Kiasi kinachobadilika kila mara kinapotajwa kina habari yake. Na mtu anayekuwa mkali au kuinua mkono akinywa, huyo si wa kuulizwa kwa upole. Jiepushe naye kwanza.

Kutohukumu hakumaanishi kukosa msimamo. Neema alimaliza kwa kusema lake: "Bia mbili za Ijumaa hazinisumbui. Jumamosi nisiyoweza kukupata usiku mzima, hiyo mimi siwezi kuishi nayo." Amesema anachoweza na asichoweza yeye, hakusema Baraka ni mtu gani, wala hakumdai ahadi papo hapo, kwa kuwa ahadi ya papo hapo hutolewa ili mazungumzo yaishe. Walikubaliana kulirudia baada ya mwezi. Jumamosi nne zilizo katikati ndizo zitakazomwonyesha kama posa ipelekwe au isubiri.