Jani la Kufungia Samaki Hukaguliwa Mgongoni

Marikiti asubuhi utakuta majani ya mgomba ya namna mbili. Kuna yaliyotandikwa mkokotenini chini ya mikungu ya ndizi, na kuna yaliyokatwa mahsusi kwa kupikia, yakakunjwa na kufungwa. Ya kwanza yaache huko huko. Yamelaliwa na mzigo na kula vumbi la barabarani, na kila penye mkwaruzo uchafu umeshazama ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Hata hayo ya kupikia hayachukuliwi kwa kutazamwa juu tu. Ligeuze. Mgongoni mwa jani zima huwa na unga mweupe mwembamba, na wanunuzi wengi wageni hulirudisha wakidhani limeota ukungu. Unga ule ni nta ya mgomba wenyewe: ukipitisha kidole unafutika sawasawa, hauna harufu, na chini yake jani ni kijani kizima. Ukungu hukaa kwa mabaka, hunuka uvundo, na ukiufuta huacha doa. Vidung'ata nao ni weupe, lakini hujibana kama vipande vya pamba kando ya uti wa jani, mara nyingi pamoja na sisimizi. Jani hilo lirudishe.

Kisha liinue kwenye mwanga. Michirizi ya kahawia au myeusi inayofuata mishipa, yenye ukingo wa manjano, ni ugonjwa wa sigatoka. Haumdhuru mlaji, ila sehemu hiyo ya jani imekufa. Ikipata moto hupasuka na tui lote likamwagika. Msimu wa kusi, mpasuko wa upepo ndio adui mkubwa zaidi, kwa hiyo jani la mgomba uliokingwa na ukuta wa ua lina thamani kuliko la shamba wazi. Lililofunguka karibuni linafaa; ambalo bado limejiviringa ni laini mno, na la chini kabisa limekomaa hadi linavunjika.

Nyumbani, kata uti wa kati utoe, ukijihadhari na utomvu, maana doa lake halitoki nguoni. Futa pande zote mbili kwa kitambaa chenye maji, ukifuata mishipa kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukifuta kwa kukata mishipa, jani litachanika mikononi. Baada ya hapo lipitishe taratibu juu ya makaa. Utaliona likibadilika: kijani kinakoza, nta inayeyuka, uso unang'aa, na jani lililokuwa gumu linalegea kama nguo. Linapolegea limetosha. Ukizidisha litakauka.

Chukua changu wa nusu kilo, aliyechanjwa na kupakwa thomu, tangawizi, pilipili, ukwaju na tui zito. Tandika vipande viwili vya jani, mishipa ya kimoja ikikatiza ya kingine, ili mpasuko wa cha chini uzibwe na cha juu. Uso unaong'aa uelekee samaki. Kunja, funga kwa uzi uliochunwa kwenye uti, upike kwa mvuke kama dakika 25.

Chini ya furushi hilo ndipo maganda ya mahindi yanapofaa sana. Wachemshaji wa mahindi huyatandika ndani ya sufuria, chini kabisa, na nami hufanya hivyo hivyo: tabaka nene la maganda mabichi, maji yasiyolifikia furushi, samaki juu yake. Unaweza pia kufungia ndani ya maganda hayo mahindi mabichi yaliyosagwa kwa tui na iliki, jinsi watu wa Meksiko wanavyofungia unga wao. Nunua hindi likiwa na maganda yake. Lundo la maganda kando ya wachomaji mahindi wa ufukwe wa Mama Ngina limeshakanyagwa na kuingiwa na nzi. Vua tabaka mbili tatu za nje utupe, utumie ya ndani yaliyo meupe, ukiyaosha moja moja. Yaliyokauka yaloweke katika maji ya moto yakiwa yamekandamizwa kwa sahani, hadi yakunjike bila kulia.

Ukilikagua hindi, anza na ncha yake. Ukikuta tundu na kitu kama unga wa mbao uliolowa, hapo kiwavi amepita, na anapopita huifungulia kuvu njia. Ukiona rangi ya waridi, kijani cha vumbi au nyeusi inayorudi ukisugua, tupa ganda pamoja na hindi lake. Hapa sikubaliani kabisa na wanaosema moto unasafisha kila kitu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, sumukuvu ya mahindi iliua watu 125, na mahindi yale yalikuwa yamepikwa. Mvuke huua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki, na ganda linalogusa chakula linaweza kuipeleka humo. Kukata sehemu iliyooza na kubakiza nyingine hakusaidii, kwa kuwa nyuzi za kuvu huenea mbali kuliko doa linaloonekana.