Mji Mzima Dirishani

Basi la kutoka Arusha lilisimama Mombo, njia panda ya Lushoto. Msafiri mmoja akateremka, akaenda kwenye duka la stendi kuomba maji ya shilingi 1,000, akatoa noti ya 10,000. Muuzaji hakuinua hata macho. "Sina chenji. Kama hununui, wapishe wenzako." Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Kabla hawajafika Segera, jirani yake wa kiti alikwisha kuarifiwa kwamba watu wa Mombo hawana adabu. Habari ilipofika Dar es Salaam ilikuwa imenenepa: sasa ni mkoa wote wa Tanga. Baadaye mpwa wake akapangiwa kufundisha Mombo, na mjomba akamshauri aombe uhamisho kabla ya kuripoti.

Hekaya ni ya kubuni, ingawa mjomba huyo hakosekani katika ukoo wowote.

Tuseme kwamba katika kila wauza duka 10 wa mji, mmoja ana kiburi. Wasafiri 100 wakipita, kila mmoja akaingia duka lolote lililo mbele yake, kama 10 hivi wataondoka na hasira. Mji ni uleule. Lakini hao 10 ndio watakaosimulia, maana hakuna anayekusanya watu barazani kuwaeleza kwamba alirudishiwa chenji yake barabara.

Je, kama msafiri wetu angejaribu maduka matatu? Ingesaidia, lakini si kama yote matatu yako stendi. Muuzaji wa stendi siku nzima anahudumia watu asiotarajia kuwaona tena, honi inapigwa, na kila mmoja ana noti kubwa. Anayetaka kuijua Mombo aende pia sokoni, zahanati, na kwenye maduka ya mitaani ambako muuzaji anawajua wateja kwa majina na kwa madeni. Tena ahesabu yote aliyoyaona. Kuna mama muuza ndizi aliyemkimbilia msafiri wetu kumwambia basi linaondoka, naye pia ni mtu wa Mombo. Hakuingia kwenye hesabu, kwa kuwa hakumuudhi mtu.

Kuna wakati mfano mmoja unatosha. Kijiko kimoja kinaonyesha chumvi ya sufuria nzima, mradi mchuzi umekorogwa vizuri; watu hawajachanganyika hivyo. Na kama mtu angedai kwamba wauza duka wote wa Mombo ni wakarimu, yule wa stendi peke yake angetosha kumpinga. Lakini hawezi kuthibitisha kinyume chake, kwamba wote wana kiburi.

Msafiri alikuwa na ushahidi wa kutosha kusema jambo moja: muuzaji yule, siku ile, alimjibu vibaya. Mpwa hakuwa na sababu yoyote ya kuomba uhamisho.