Mkopo Nafuu wa Kazini Una Kodi Yake

Nchini Kenya, mwajiri akikukopesha kwa riba ndogo, nafuu hiyo huhesabiwa kuwa marupurupu. Mamlaka ya Mapato, KRA, hutangaza kila miezi mitatu riba ya soko, inayofuata hati fungani za serikali za siku 91.

Tuseme unadaiwa shilingi 1,200,000 kwa riba ya asilimia 3, na riba iliyotangazwa ni asilimia 9. Tofauti ni asilimia 6, yaani shilingi 72,000 kwa mwaka, au 6,000 kwa mwezi. Kodi ya asilimia 30 ni shilingi 1,800.

Anayeilipa ni mwajiri, si wewe. Hata ukiacha kazi, ataendelea kuilipa hadi umalize deni.