Kufuli la Kale Lisomwe kwa Ndani

Katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe wa Unguja na ya Mombasa, makufuli ya shaba ya manjano ni bidhaa inayotembea. Milango mingi ya pwani ilifungwa kwa mnyororo uliovutwa hadi kwenye tumbuu, kisha kufuli likapitishwa hapo, kwa hiyo mnunuzi hupata tabu kidogo kuamini kwamba hili alilolishika liliwahi kulinda nyumba ya tajiri wa karafuu. Lina taji, lina herufi VR, limepauka, na ufunguo wake ni mkubwa kama kijiko. Pengine ni la kale kweli. Pengine lilitoka kiwandani miaka michache iliyopita ili liwe pambo.

Wajuzi wa fani hii hufuata kanuni moja: kufuli haliwezi kuwa kongwe kuliko sehemu yake iliyo changa kabisa. Kila namna ya kuunda ina siku ilipoanza, na siku hiyo ndiyo mpaka wa umri. Ukikuta ndani ya kitasa pini ndogo zinazosukumwa na springi, na ufunguo bapa wenye meno ya msumeno, umekutana na kazi inayotokana na hataza za Mmarekani Linus Yale Mdogo za miaka ya 1860, hata kama ganda lake limechongwa nakshi za kizamani. Vibamba vinavyopaswa kunyanyuliwa kwa kimo maalumu ndipo kitasa kifunguke hutupeleka nyuma zaidi, kwa sababu Mwingereza Robert Barron alipata hataza ya mfumo huo mwaka 1778. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ilianza kuenea katika miaka ya 1930.

Kanuni hiyo haigeuzwi. Mfumo wa zamani si ushahidi wa umri, maana mifumo ya zamani haikuachwa. Makufuli yenye vizuizi visivyosogea, ambayo ufunguo wake huchongwa mapengo ili uvipite, yalitumiwa tangu enzi za Warumi na bado yanatengenezwa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanauona ufunguo wa mtindo wa kale, wanahitimisha kwamba chuma chenyewe ni cha kale.

Chukua basi kufuli moja la shaba lenye taji na VR, urefu wake milimita 80 hivi, na ulitazame bila haraka kwa lenzi na tochi. Herufi hizo ni za Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Zikiwa za kweli, zinaeleza kipindi. Lakini herufi ni rahisi kuigwa kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo cha kuangaliwa ni jinsi zilivyowekwa. Fundi aliyepiga chapa kwa nyundo aliizamisha shaba: kingo za herufi ni kali, na pembezoni utaona shaba iliyosukumwa ikainuka kidogo. Herufi iliyotoka kwenye kalibu pamoja na ganda lote huwa na kingo za mviringo, na sakafu yake ina chembechembe kama mchanga. Tahadhari moja tu: makufuli halisi ya kampuni za reli za Marekani mara nyingi yalisubiwa na herufi za kuinuka. Hizo hata hivyo ni safi na zinasomeka vizuri, hazikufifia kama sabuni iliyotumika.

Kufifia huko kuna sababu. Anayeiga kwa bei nafuu huchukua kufuli la kale, akalikandamiza kwenye mchanga wa kalibu, kisha akamimina shaba iliyoyeyuka. Shaba inapopoa husinyaa kwa asilimia 1 hadi 2, hivyo nakala ya kufuli letu itapungua milimita moja au zaidi kidogo, na kila mkwaruzo wa kufuli mama utahamia kwa mtoto ukiwa umelainika. Ndiyo maana jaribio la maana kuliko yote ni kumwomba muuzaji akuletee kufuli la pili la aina ileile. Mabonde na vidonda vikikaa mahali pamoja katika yote mawili, vyote vimetoka kalibu moja. Matumizi ya miaka hayakwaruzi makufuli mawili kwa namna moja.

Ukiwa na yote mawili, badilisha funguo. Katika mapambo ya kisasa, ufunguo mmoja mara nyingi hufungua rafu nzima, maana mapengo ya meno yake hayalingani na kitu chochote ndani. Ni sura tu. Pitisha ukucha kwenye shina la ufunguo. Mstari mwembamba unaopita katikati ya ubavu, kutoka kichwani hadi kwenye jino, ni mahali pande mbili za kalibu zilipokutana. Ufunguo uliofuliwa na kupigwa tupa hauna mstari huo, bali una mikwaruzo ya tupa inayoelekea huku na huku, hasa ndani ya mapengo ambako mkono haukufika kusugua. Funguo za chuma za kusubu zilikuwapo pia karne ya 19, kwa hiyo mstari peke yake hautoshi kuhukumu. Ukionekana pamoja na shina ambalo halivutwi na sumaku ingawa limepakwa rangi ya kutu, mashaka yanageuka kuwa jibu: hiyo ni zinki.

Kisha angalia ulaji. Kufuli lililofanya kazi huliwa mahali maalumu: upande wa ndani wa upinde ulioning'inia kwenye tumbuu, kwenye ekseli ya upinde, na kwenye mdomo wa tundu la ufunguo, ambako chuma kimegonga shaba maelfu ya mara. Kwingine hubaki vizuri. Kufuli la kuigwa huchakaa kinyume chake. Mgongo na kingo zimepigwa msasa sawasawa, huku tundu la ufunguo likiwa na makali ya keekee. Weusi wake nao hukaa juujuu, na pamba yenye asetoni huondoka nao. Uchafu wa miaka mingi umegandamana pembeni mwa ribiti na hautoki kirahisi.

Kwa vitasa vya milango na makasha, toa skrubu moja. Skrubu za mbao za kabla ya katikati ya karne ya 19 zilikuwa na ncha butu, na mfuo wa kichwani mara nyingi haukukaa katikati sawasawa. Ncha kali ya kutoboa ililetwa na mashine katika miaka ya 1840. Skrubu hubadilishwa, kwa hiyo mulika shimo pia: mbao iliyotobolewa mara mbili inaonyesha kwamba kitasa kilihamishiwa hapo kutoka kwingine.

Kuna jambo moja linalowapotosha hata wazoefu, nalo ni ufunguo mpya katika kufuli la kale. Funguo hupotea, na fundi wa mtaani huchonga mwingine. Utaujua kwa mikwaruzo ya tupa inayong'aa, na kwa jino lisilolika wakati mdomo wa tundu umelika sana. Kufuli la namna hiyo si bandia. Bei yake tu ndiyo inapaswa kushuka, na muuzaji aulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.