Kivuli cha Nguzo Kwenye Mchezo wa Vyumba vya Chini

Katika michezo ya kompyuta iliyozaliwa na Rogue ya mwaka 1980, shujaa hutembea juu ya vyumba vya mraba. Kompyuta huamua anaona vipi kwa kugawa uwanja pande 8, kisha kila upande hukaguliwa mstari kwa mstari kuanzia miguuni pake.

Mwanga wa upande mmoja huwa kati ya miteremko miwili, 1 na 0. Mteremko ni hatua za pembeni kugawanya kwa hatua za mbele. Tuseme nguzo iko mstari wa 3, hatua 1 pembeni. Kingo zake ni 1.5/2.5, yaani 0.6, na 0.5/3.5, karibu 0.14. Hapo ukaguzi hugawanyika: mmoja hujiita upya kati ya 1 na 0.6, mwingine huendelea kati ya 0.14 na 0. Chumba cha mstari wa 6, hatua 2 pembeni, kimo kati ya 0.23 na 0.45, basi chote kimo kivulini.

Kumbukumbu ni jambo jepesi zaidi. Kila chumba hubeba alama mbili: kinaonekana sasa, na kimewahi kuonekana. Ya kwanza hufutwa kila zamu; ya pili haifutwi. Kilichokumbukwa huchorwa kwa rangi hafifu, kuta bila maadui. Ukiona zimwi likitembea kwenye eneo hilo hafifu, mtunzi amesahau kuangalia alama ya kwanza.