Maombi ya faraja kwenye kaburi la mama: mzee wa familia aseme nini?

Katika mazishi ya kwetu kuna wakati ambapo mchungaji ananyamaza na familia inasema. Mahubiri yamekwisha, sanduku liko karibu na kaburi, na mzee wa familia anasogea na karatasi mkononi ili asome maombi ya faraja. Ni dakika tatu tu. Lakini tumeona maombi hayo yakituliza jamaa, na tumeona mengine yakiwasha moto.

Tuchukue mfano wa mama mmoja tuliyemzika katika paruasi yetu. Aliugua kansa ya titi miaka mitatu. Shamba liliuzwa kwa ajili ya dawa. Binti yake wa pili aliacha kuuza sokoni ili amwoshe, amgeuze kitandani na kumlisha uji. Ugonjwa ulipoendelea, watu walianza kunong'ona neno ambalo sisi wa Kivu tunalijua: karuho. Macho yote yakamgeukia mkamwana aliyekuwa akipika katika nyumba ile.

Usiku wa kilio, kaka mkubwa wa marehemu alituonyesha maombi aliyoandika. Tuliona mambo mawili ya kusahihisha.

La kwanza, alimwomba Mungu amfichue aliyemtendea dada yake vile. Tulimkumbusha Yoane 9. Wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyefanya zambi hata yule mtu azaliwe kipofu, na Yesu alikataa kumtafutia mkosaji. Tena mganga alikuwa amekwisha kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Maombi yakisomwa mbele ya watu wote hayawezi kujibiwa na mtu yeyote. Mkamwana angesimama pale amehukumiwa, na hana nafasi ya kusema neno.

La pili, aliungama kwamba mama hakupona kwa sababu imani ya familia ilikuwa ndogo. Neno hili lingemwangukia nani? Ni yule binti aliyekesha miaka mitatu. Katika Yoane 11, Marta na Maria waliita Yesu mapema, na ndugu yao alikufa hata hivyo. Yesu hakuwakemea kwa kukosa imani. Alilia pamoja nao. Kisha tulimwuliza mzee kama binti huyu ametajwa mahali popote katika karatasi. Hakutajwa.

Tuliketi naye mpaka karibu na jogoo la kwanza. Asubuhi alisoma hivi:

«Ee Mungu Baba yetu, tumesimama mbele yako na dada yangu, mama wa watoto hawa. Ulituachia yeye muda mrefu, tunakushukuru. Miaka mitatu mwili wake uliumwa. Tulikuomba umponye, na hakupona. Hatujui sababu, wala hatutaitafuta kwa mwanadamu. Uliona mikono iliyomwosha usiku na mikono iliyompikia. Bariki mikono hiyo yote, uipumzishe. Kama mmoja wetu aliona nafuu wakati maumivu yalipokwisha, usimwache ajione mwenye zambi. Wafariji watoto, umshike baba yao siku nyumba itakaponyamaza. Tunamweka dada yangu mikononi mwako, tukingojea ufufuko. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.»

Angalieni kwamba mzee hakusema na marehemu hata mara moja. Alisema na Mungu, kwa maana ndivyo tunavyoamini. Pia alitaja nafuu. Wengi waliouguza muda mrefu wanaisikia mioyoni mwao, kisha wanaogopa kwamba walitamani kifo cha mama. Neno hilo likitoka kinywani mwa mzee, mbele ya wote, linafungua kifungo ambacho mchungaji angekitafuta miezi mingi.

Basi, kwa nini yasomwe, yasiombwe bila karatasi? Kwa sababu mzee naye analia. Mtu anayelia anaweza kusema neno ambalo hawezi kulirudisha, na neno la kaburini halisahauliki. Tunashauri ukurasa mmoja wa daftari, wenye maandishi makubwa, na mtu wa pili awe karibu ili amalizie kama sauti ya mzee itakatika.

Maombi haya hayamalizi kila kitu. Deni la dawa na habari ya shamba vilibaki, na vilingojea baraza la familia baada ya matanga. Havikuwa na nafasi kaburini. Lakini baada ya Amina, mzee aliokota udongo, akamwita binti wa pili, kisha akamwita mkamwana. Wote watatu walitupa udongo pamoja, na watu wote waliona.