Je, Wajua? Elmar ya Ujerumani au ya Kisovieti?

Baadhi ya lenzi zinazouzwa kama Leitz Elmar 50mm za zamani ni lenzi za Kisovieti, FED au Industar-22, zilizofutwa maandishi na kuchongwa jina jipya. Picha za muuzaji zinaweza kuziumbua.

Anza na namba ya lenzi. Iliyo karibu na 250000 inaelekeza mwaka 1935 hivi, wakati Elmar zilitoka kiwandani bila utando wa rangi kwenye kioo. Taa ikiakisi zambarau au buluu, shuku; ila usihukumu bado, maana baadhi zilipakwa utando huo baadaye.

Ushahidi mzito uko ndani. Elmar ina visu vya kuzuia mwanga mara tu nyuma ya kioo cha kwanza. Za Kisovieti, nyuma ya kile cha pili. Kwa hiyo omba picha ya mbele, tundu likiwa limefungwa hadi mwisho na taa ikimulika upande. Mbele ya visu vya Elmar utahesabu nuru mbili za taa zilizoakisiwa, moja kwa kila uso wa kioo; kwenye bandia nne. Mchongaji hodari hubadilisha herufi, si mpangilio wa vioo.